Hewa Katika Bomba: Funzo la Mradi Mmoja wa Maji ya Mserereko

Na Mhandisi wa Maji, Itumba

Makala hii inaeleza kosa moja nililolifanya kazini, namna lilivyogunduliwa na namna lilivyorekebishwa. Nimeiandika kwa ajili ya wahandisi na mafundi wenzangu, kwa viongozi wa jumuiya za watumia maji wanaopokea miradi kutoka mikononi mwetu, na kwa wale ambao kazi yao ni kuchagua mhandisi wa kumkabidhi mradi. Nimekuwa katika kazi ya usambazaji wa maji vijijini kwa miaka tisa. Wakati wa tukio hili nilikuwa nimeajiriwa na mkandarasi, nikiwa msimamizi wa eneo la kazi katika vijiji viwili vya ukanda wa milima wa wilaya yetu ya Ileje. Kosa lenyewe lilikuwa langu, na saini iliyo kwenye karatasi ya mabadiliko ni yangu.

Yeyote anayeifahamu Ileje anajua kwa nini maji ya mserereko yanapendwa huku. Chemchemi ziko juu, watu wako chini, na kati yao kuna mteremko usiodai dizeli wala umeme. Lakini nchi yetu haiteremki moja kwa moja. Inashuka, inapanda kigongo, inashuka tena bondeni, kisha inapanda hadi penye makazi. Bomba linalofuata ardhi hiyo hupanda na kushuka pamoja nayo, na hapo ndipo habari hii inapoanzia.

Mradi na badiliko la njia

Banio letu lilikuwa mita 24 juu ya mdomo wa tangi. Kati yake tulipaswa kulaza bomba la poliethilini lenye kipenyo cha nje cha milimita 90, ambalo kwa daraja tulilotumia huacha uwazi wa ndani wa milimita 79. Mradi ulisanifiwa kuleta lita 2.5 kwa sekunde. Kwa kiwango cha lita 25 kwa mtu mmoja kwa siku, kilichowekwa na Sera ya Maji ya mwaka 2002, kiasi hicho kingetosha watu 8,640, yaani wakazi waliokuwapo pamoja na ongezeko la miaka 20 ijayo. Wakazi wa vijiji vile viwili wakati ule walikuwa takribani 5,100.

Njia ya awali ilikuwa na urefu wa kilomita 3.6. Ilishuka kwenye bonde moja tu, kisha ikapanda taratibu hadi kwenye tangi bila kurudi chini tena. Ilikuwa njia nzuri, ila ilipita katikati ya mashamba ya kahawa na kando ya makaburi ya ukoo mmoja. Serikali ya kijiji ilituomba tuzunguke. Ombi lilikuwa la haki, na hata leo ningelikubali. Tukahamishia sehemu kubwa ya njia kando ya barabara ya miguu, na urefu wote ukawa kilomita 4.2.

Jioni ile nilikaa na kikokotozi nikafanya hesabu niliyofundishwa. Katika bomba la ukubwa ule, maji yanayokwenda kwa lita 2.5 kwa sekunde hupoteza kimo cha karibu mita 4 katika kila kilomita kwa sababu ya msuguano. Kilomita 4.2 zingekula takribani mita 17. Tulikuwa na mita 24, hivyo zingebaki mita 7. Nikaandika kwamba badiliko linakubalika, nikaweka saini, na asubuhi yake wachimbaji wakaanza mtaro mpya.

Hesabu ile ilikuwa sahihi, lakini ilijibu swali moja tu, nalo ni swali la urefu. Sikuuliza njia mpya ina umbo gani. Sikubeba leveli kuipima upya, wala sikuchora upya mchoro wa miinuko. Niliitembea kwa miguu mara mbili, na kwa macho ya mtu aliyechoka ilionekana kama njia inayoshuka tu. Kumbe ilikuwa na vigongo viwili. Cha kwanza, katika kilomita 1.5, kilisimama mita 12 juu ya mdomo wa tangi. Baada yake njia ilishuka hadi mita 6 chini ya mdomo huo, ikapanda kigongo cha pili cha mita 8 katika kilomita ya tatu, kisha ikashuka bondeni mita 10 chini kabla ya kupanda hadi tangini. Vyote viwili vilikuwa chini ya banio, na kwa sababu hiyo mtu anaweza kudhani kwamba havina madhara.

Siku 11 za kuchimbua

Tulifungulia maji mwezi wa nane, wakati wa kiangazi. Yalifika tangini siku ile ile na watu wakashangilia. Jioni nilichukua ndoo ya lita 20 na saa, nikakinga kwenye mdomo wa tangi. Ndoo ilijaa kwa sekunde 20. Hiyo ni lita moja kwa sekunde, ilhali nilikuwa nimeahidi mbili na nusu.

Lita moja kwa sekunde ni lita 86,400 kwa siku, zinazotosha watu 3,456. Maana yake katika maisha ya watu ilionekana wiki ile ile. Vituo vya kijiji cha chini vilipata maji, na vitongoji vya juu vikapata asubuhi tu, tena kwa kuviziwa. Akina mama waliokuwa wameacha kwenda kijitoni wakarudi kijitoni.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kwamba bomba linavuja, kwa sababu ndilo wazo la kwanza la kila mtu. Tulichimbua maungio katika sehemu tatu nilizozishuku. Yalikuwa makavu. Tukadhani chujio la banio limeziba majani. Tukalisafisha, na ndoo ikaendelea kujaa kwa sekunde 20. Siku 11 zilipita hivyo, na posho za vibarua wale zilizidi bei ya kifaa ambacho hatimaye kilitatua tatizo.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja aliyekuwa akingoja kwenye kituo cha juu. Aliniambia, "Injinia, bomba lenu lina kikohozi. Linatema upepo, ndipo linatoa maji." Fundi wetu mkuu, mzee aliyelaza mabomba tangu sijazaliwa, alikuwa amesimama kando yangu. Akanitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, hapo hakuna tundu. Hapo kuna pumzi."

Nilijua maana ya hewa iliyonaswa katika bomba. Nilikuwa nimeisoma na kufanyia mtihani. Lakini katika kichwa changu hewa ilikuwa tatizo la njia yenye vigongo, na njia yangu, kwa mujibu wa mchoro uliokuwa mezani, haikuwa na vigongo.

Namna hewa inavyozuia maji

Hapa naomba msomaji asiye wa fani avumilie kidogo, kwa kuwa jambo hili huonekana kama kiini macho hadi mtu alione hatua kwa hatua.

Bomba jipya limejaa hewa. Maji ya kwanza yanapofika kileleni mwa kigongo hayajazi bomba upande wa pili. Hutiririka chini kwa sehemu ya chini ya bomba kama maji yanavyotiririka kwenye mfereji wa bati, na juu yake hewa hubaki. Yakifika bondeni hutuama na kuziba bomba lote. Tangu hapo hewa iliyo kati ya kilele na bonde haina pa kwenda. Mbele imezibwa na maji ya bondeni, na nyuma imezibwa na maji yanayozidi kuja.

Sasa maji ya bondeni yanatakiwa kupanda upande wa pili. Katika bomba lililojaa maji, uzito wa maji yanayoshuka husaidia kuinua maji yanayopanda, kama mizani yenye mizigo pande mbili. Lakini upande wetu unaoshuka umejaa hewa, na hewa haina uzito wa kusaidia. Kwa hiyo kila mita ya wima ya hewa katika mteremko ni mita moja ya msukumo iliyopotea. Ukiwa na vigongo viwili, hasara zinajumlishwa. Ukiwa na vitano, zinajumlishwa zote tano. Jumla hiyo ikifikia tofauti ya kimo kati ya banio na tangi, maji husimama kabisa, hata kama bomba halina tundu na chemchemi inafurika.

Kwetu kila mteremko ulikuwa na mita 18 za wima. Kama hewa isingeshinikizwa tungepoteza mita 36, na tangi lisingepata hata tone. Lakini hewa hubanwa na maji yanayoielemea. Ile ya kigongo cha kwanza, iliyobeba mzigo wa maji yote yaliyo mbele yake, ilibanwa hadi mita 9. Ya kigongo cha pili, yenye mzigo mdogo zaidi, ilibaki mita 12. Jumla ni mita 21 kati ya 24 tulizokuwa nazo. Mita 3 zilizobaki, katika bomba lile na kwa urefu ule, husukuma takribani lita moja kwa sekunde. Ndiyo ile ndoo ya sekunde 20.

Mtu atauliza kwa nini maji yasiisukume hewa polepole hadi itoke tangini. Yanaweza, yakienda kasi ya kutosha. Hewa hupenda kupanda, na ili kuishusha mteremko mzima maji katika bomba la ukubwa ule yanahitaji kasi inayozidi kama nusu mita kwa sekunde, na mteremko ukiwa mkali yanahitaji zaidi. Yetu yalikwenda mita 0.2 kwa sekunde. Yalimega vipovu vichache tu kutoka kwenye mkia wa hewa na kuvipeleka mbele, na vipovu hivyo ndivyo vilivyokuwa vikohozi alivyovisikia yule mama. Chemchemi nayo ilikuwa ikileta hewa nyingine iliyoyeyuka ndani ya maji, hivyo kilichotoka kikawa kinarudishwa.

Vipimo vilivyothibitisha

Baada ya siku 11 za kukisia nilikataa kuchimba tena kabla ya kupima. Vipimo viwili vilitosha, na kila jumuiya yenye ndoo, saa na geji moja inaweza kuvifanya.

Cha kwanza kilikuwa cha kuondoa wazo la uvujaji. Sanduku la banio letu lilikuwa na eneo la mita 3 za mraba. Tulizuia maji ya chemchemi yasiingie humo kwa dakika 10, tukapima kina kimeshuka kiasi gani. Kilishuka sentimita 20. Hizo ni lita 600 kwa dakika 10, yaani lita moja kwa sekunde. Kinachoingia bombani ni lita moja na kinachotoka tangini ni lita moja. Bomba halikuwa likivuja popote, na tulipaswa kulifahamu hilo siku ya kwanza, kwa dakika 10.

Cha pili kilikuwa cha kutafuta mahali msukumo unapopotea. Tulifunga klampu zenye koki ndogo katika sehemu tatu za chini za njia, tukaweka geji inayosoma shinikizo kwa mita za maji, huku maji yakiendelea kutembea. Kabla ya kusoma geji nilipima miinuko kwa leveli, safari hii kwa njia nzima kuanzia banio hadi tangi, na nikahesabu geji ingesoma nini kama bomba lingekuwa limejaa maji matupu.

Bonde la kwanza, lililo kabla ya vigongo vyote, lilitakiwa kusoma mita 39. Lilisoma 39. La pili, baada ya kigongo cha kwanza, lilitakiwa kusoma 28. Lilisoma 19. La tatu, baada ya kigongo cha pili, lilitakiwa kusoma 31. Lilisoma 10.

Ukitazama upungufu tu, ni sifuri, kisha 9, kisha 21. Mita 9 zimepotea kwenye kigongo cha kwanza, na 12 zaidi kwenye cha pili. Fundi mkuu hakuwa na haja ya hesabu zangu. Alikwishachora vigongo vyote viwili mchangani kwa ncha ya fimbo. Lakini mimi nilikuwa na haja nazo, kwa sababu nilipaswa kumwandikia mwajiri wangu na kumweleza mahali pa kukata bomba na sababu yake. Mtaalamu anayesema "nadhani ni hewa" huongeza siku nyingine 11. Akisema hewa iko katika kilomita 1.5 na kilomita ya tatu, na kwa kiasi gani, kazi huanza kesho yake.

Naongeza tahadhari moja kuhusu kipimo hiki. Upungufu wa geji unaweza pia kuletwa na kizuizi, kwa mfano jiwe au gunia lililosahauliwa ndani ya bomba. Tofauti yake ni kwamba hasara ya kizuizi hutoweka maji yanaposimama, kwa kuwa huletwa na mwendo. Ukifunga koki ya tangini na kuacha bomba litulie, penye kizuizi geji zote hupanda hadi kimo cha banio. Penye hewa, geji zilizo mbele ya hewa hupanda kwa taratibu sana, kwa kuwa maji yanalazimika kuibana hewa yote, na hazifiki kimo hicho. Mtu asiyengoja anaweza kudanganyika.

Marekebisho, na kosa la pili nililoponea

Dawa yake ni vali ya hewa katika kila kilele. Ndani yake mna boya. Hewa ikikusanyika boya hushuka na kuacha tundu wazi ili hewa itoke. Maji yakifika boya huelea na kuziba tundu hilo. Tulitumia aina yenye matundu mawili: kubwa la kupitisha hewa nyingi bomba linapojazwa, na dogo la kutoa vipovu vinavyokusanyika kila siku. Chini ya kila vali tuliweka koki ya kufungia, ili vali iweze kufunguliwa na kusafishwa bila kuondoa maji katika bomba zima. Wapo waliopendekeza bomba la wima lililo wazi badala ya vali, kwa kuwa ni rahisi zaidi. Katika kilele chetu cha kwanza bomba hilo lingehitaji kusimama zaidi ya mita 12 juu ya ardhi ili maji yasimwagike pale koki ya tangini inapofungwa. Tukaliacha wazo hilo.

Kisha tukajaza bomba upya, safari hii polepole. Bomba zima lilimeza kama lita 20,700. Tulifungua koki ya banio kwa kiasi cha kupitisha lita moja tu kwa sekunde, kuanzia saa 12 asubuhi. Kijana mmoja alikaa kwenye kila kilele. Muda mfupi baada ya saa 2, kijana wa kigongo cha kwanza alitupigia simu kusema vali inapuliza kwa nguvu, kisha imetema maji kidogo ikanyamaza. Baada ya saa 4 ikafuata ya pili. Kabla ya saa 6 mchana maji yalikuwa tangini, na hapakuwa na kikohozi hata kimoja.

Tulifungua koki zote hadi mwisho. Ndoo ilijaa kwa sekunde 7, yaani karibu lita 2.9 kwa sekunde. Mwenyekiti wa jumuiya alitaka tuiache hivyo, na mimi nilikuwa tayari kukubali, kwani ilikuwa zaidi ya tulichoahidi.

Yule kijana wa kigongo cha pili ndiye aliyetuokoa. Alipiga simu akasema vali yake haipulizi tena, bali inavuta. Ameweka jani juu ya tundu nalo limenyonywa. Nikarudi kwenye hesabu. Kutoka banio hadi kilele cha pili tuna mita 16 tu za kushuka. Kwa mwendo ule wa maji, msuguano wa kilomita 3 ulikuwa unazila zote 16. Hapakubaki shinikizo lolote kileleni, na vali ikawa inaingiza hewa mahali ilipowekwa kuitoa. Kingine cha hatari ni kwamba tundu linalovuta huvuta chochote kilicho karibu nalo. Chemba yake ikijaa maji ya mvua yenye tope, basi tope hilo ndilo litakalokunywewa kijijini.

Tukafunga kidogo koki iliyo tangini hadi ndoo ikajaa kwa sekunde 8. Hizo ndizo lita 2.5 za usanifu. Kwa mwendo huo kilele cha pili kinabaki na shinikizo la mita 4, na jani halikunyonywa tena. Haikuwa rahisi kuwaeleza watu waliopungukiwa maji kwa wiki mbili kwa nini mhandisi amefunga koki maji yalipokuwa yakitoka vizuri. Niliwapeleka wajumbe watatu wa jumuiya kileleni, nikamwomba mmoja ashike jani huku mwingine akiwa tangini na simu akifungua na kufunga koki. Waliporudi kijijini wao ndio walioeleza, na walieleza vizuri kuliko mimi.

Kwa wanaopokea kazi na wanaotoa kazi

Tangu mradi ule nabeba daftari la leveli lenye kurasa mbili kwa kila badiliko la njia. Ukurasa wa kwanza una hesabu ya msuguano, kama ile niliyoifanya jioni ile. Ukurasa wa pili una miinuko iliyopimwa upya, kila mita 50 na katika kila mahali ardhi inapogeuka, pamoja na mstari wa shinikizo uliochorwa juu ya mstari wa ardhi. Ukurasa wa pili ukiwa mtupu, siweki saini. Kifaa cha mkononi cha setilaiti hakinitoshi kwa kazi hiyo. Kinaweza kukosea mwinuko kwa mita kadhaa, na kigongo cha mita 3 kinaweza kupotea ndani ya kosa lake. Pasipo leveli, mpira wa maji wanaoutumia mafundi wa nyumba hupima vizuri, ingawa kwa kilomita nne unachosha.

Mhandisi wa kada ya kati yuko kati ya mchoro na sururu. Hasanifu mradi wote na halazi bomba kwa mikono yake, ila mabadiliko madogo yote ya eneo la kazi hupita kwake, mara nyingi jioni na kwa haraka. Nikialikwa kumsaili mwenzangu wa kada hii, simwulizi amesimamia miradi mingapi. Namwomba anieleze badiliko moja aliloliidhinisha akiwa mtaroni, alipima nini kabla ya kuliidhinisha na alipima nini baadaye. Mimi mwenyewe huenda na daftari hilo katika usaili, pamoja na zile geji tatu zilizosoma 39, 19 na 10.

Kwa viongozi wa jumuiya, mnapokabidhiwa mradi wa mserereko, dai mchoro wa njia kama ilivyolazwa, si kama ilivyokusudiwa. Utembeeni pamoja na mkandarasi, na katika kila kilele mwombe awaonyeshe vali au awaeleze kwa nini haipo. Halafu kingeni ndoo tangini mbele yake na mwandike sekunde zake ukutani kwa rangi. Jumuiya ile iliandika "SEKUNDE 8" ndani ya chemba ya tangi. Mlinzi hupima kila Jumatatu.

Mwaka wa pili baada ya makabidhiano ndoo ilianza kuchukua sekunde 11. Mlinzi hakuchimbua popote. Alipanda hadi kigongo cha pili, akafungua chemba, akakuta punje za mchanga zimeng'ang'ania kwenye boya na tundu dogo limeziba. Alifunga koki ya chini, akaosha boya kwa maji safi, akalirudisha. Aliponipigia simu jioni ile alikuwa amekwisha kukinga ndoo, na ilikuwa imerudi sekunde 8. Alitaka tu kujua kama ni sawa aweke kokoto sakafuni mwa chemba ili maji ya mvua yasituame. Nilimjibu kwamba ni sawa, na kwamba jambo hilo nilipaswa kulifanya mimi.